Sifuri Iliyoficha Pesa Yangu

Jioni ya tarehe 28 mwezi wa nne nilikuwa nimesimama kwenye korido ya ofisi, slipu ya mshahara mkononi, nikipitisha kidole kwenye safu ya makato. Kodi. Hifadhi ya jamii. Bima. Kisha kidole kikagoma kuendelea: marejesho ya mkopo, 95,000.

Mkopo huo nilikuwa nimeumaliza siku 20 kabla.

Na sikuumaliza kwa maneno. Nilikuwa na barua ya mkopeshaji, yenye muhuri na sahihi mbili, iliyosema salio langu ni 0.00. Siku nilipoipata niliikunja kwa adabu nikaiweka kwenye bahasha ngumu, kama mtu anayehifadhi cheti. Sasa slipu inasema nimelipa tena. Kati ya karatasi hizi mbili, moja ilikuwa inanidanganya, na mimi nikaamua papo hapo kwamba ni slipu.

Nilikosea. Slipu ilikuwa inasema kweli tupu. Ile barua nayo haikuwa na uongo, lakini ndiyo iliyonipotosha kwa wiki kadhaa, na hiyo ndiyo sababu naandika.

## "Hakuna kitu hapa, dada"

Siku nne baadaye nilipiga simu kwa mkopeshaji. Kijana aliyepokea alikuwa mpole. Akaniuliza namba ya mkopo, nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, akasema: "Dada yangu, mkopo wako umefungwa. Salio ni sifuri. Hudaiwi chochote."

Nikamwambia sidaiwi, najua. Mimi ndiye ninayedai.

Kimya kidogo. "Sasa hapa naona sifuri. Hakuna kitu hapa, dada."

Nilipiga tena tarehe 12 mwezi wa tano, nikapata mtu mwingine na jibu lile lile. Sifuri. Nikaanza kujitilia shaka. Labda mwajiri hajaipeleka ile pesa. Labda imekaa kwa mhasibu. Labda, na hili nalisema kwa aibu, mimi ndiye niliyesoma vibaya barua na kulikuwa na rejesho moja limebaki.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba wale vijana wawili hawakuwa wananizungusha. Waliulizwa swali, wakalijibu sawasawa. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

Akaunti ya mkopo ina kazi moja tu: kuonyesha mteja anadaiwa nini. Ikipokea pesa kuliko deni, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, salio linageuka kuwa hasi: utaona alama ya kutoa mbele ya tarakimu, au herufi CR pembeni yake, maana yake sasa wao ndio wenye deni kwako. Hapo hata mpokea simu ataona. La pili ndilo lililonikuta. Mfumo haukubali kufunga akaunti yenye salio hasi, kwa hiyo ili mkopo ufungwe, ile ziada inahamishwa kwenda kwenye akaunti nyingine ya ndani, ile wanayoweka pesa za wateja ambazo bado hazijarudishwa. Ikishahama, akaunti ya mkopo inabaki sifuri safi, inafungwa, barua inachapwa.

Kwa hiyo sifuri niliyoambiwa haikuwa ushahidi kwamba hawana pesa yangu. Ilikuwa alama kwamba akaunti imefagiwa, na uchafu wa kufagiwa ulikuwa ni pesa yangu.

Tarehe 14 nikaenda mwenyewe, na safari hii sikuuliza salio. Niliomba taarifa kamili ya mkopo, kila muamala kuanzia mwezi wa tatu hadi siku hiyo, pamoja na miamala ya kufungia akaunti. Yule dada wa kaunta aliniangalia mara mbili, kisha akaichapa. Kurasa mbili.

## Mstari wa tarehe 9

Nilikaa kwenye kiti cha kusubiria nikaisoma pale pale. Nilikuwa natafuta 95,000 ya mwezi wa nne. Sikuiona. Badala yake nikaona kitu ambacho sikuwa nakitafuta:

> 6/4, makato kutoka kwa mwajiri, 95,000
> 8/4, malipo ya mteja, 876,116
> 9/4, kuhamisha ziada, 96,777
> Salio: 0.00

Elfu 96 na mia saba sabini na saba. Ziada.

Mimi nilikuja kudai 95,000, na hawa wameandika kwa mkono wao wenyewe kwamba walipokea 96,777 isiyo yao. Wala haikuwa pesa niliyoifuata. Ile ya kwenye slipu ya mwezi wa nne haikuwemo kabisa.

Sikufurahi hata kidogo. Niliogopa. Mtu akikuta kwenye hesabu pesa asiyoitarajia, jambo la kwanza analojua ni kwamba hakuwa anaielewa hesabu yake.

## Pesa iliyokuwa njiani

Nilikwenda nayo nyumbani, nikatandika karatasi zote mezani: slipu ya mwezi wa tatu, slipu ya mwezi wa nne, barua ya hesabu ya kufunga mkopo, stakabadhi ya benki, na hizo kurasa mbili. Nilizipanga kwa tarehe. Saa mbili baadaye nikaelewa, na nikacheka peke yangu, cheko la mtu aliyekuwa akitafuta miwani huku ameivaa.

Mkopo wangu unakatwa kwenye mshahara. Mshahara unatoka tarehe 28, lakini pesa iliyokatwa haifiki kwa mkopeshaji siku hiyo. Mwajiri hukusanya makato ya watu wote, akatuma kwa mkupuo mmoja pamoja na orodha ya majina na namba za mikopo, na hiyo hufika kati ya tarehe 5 na 6 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo kila mwezi kuna wiki nzima ambapo pesa imetoka mfukoni mwangu na haijaingia kitabuni kwao.

Mimi niliomba hesabu ya kufunga mkopo tarehe 2 mwezi wa nne. Katikati ya wiki hiyo hasa.

Barua yao ilisema deni la msingi ni 860,000, na malipo ya mwisho yalipokelewa tarehe 5 mwezi wa tatu. Mstari huo wa pili niliuruka kama tunavyouruka wote. Laiti ningeusoma huku nikiwa na slipu ya mwezi wa tatu mkononi, ningeona mara moja: slipu inasema nimekatwa tarehe 28, barua inasema mara ya mwisho kupokea ni tarehe 5. Rejesho moja lilikuwa hewani. Tena chini ya barua, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba kiasi hicho hakijazingatia malipo yaliyo njiani. Siwezi kusema hawakuniambia.

Hesabu yenyewe ilikwenda hivi. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, juu ya salio linalopungua. Kwa deni la 860,000 riba ya siku moja ni 860,000 mara 0.18, gawanya kwa 365, yaani kama 424.11. Barua ilihesabu riba ya siku 38, kuanzia tarehe 5 mwezi wa tatu hadi tarehe 12 mwezi wa nne, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya barua kutumika. Siku 38 ni 16,116. Jumla: 876,116. Ndiyo niliyolipa, mpaka tarakimu ya mwisho, tarehe 8.

Lakini tarehe 6, siku mbili kabla sijalipa, ule mkupuo wa mwajiri ulifika. Ile 95,000 ikalipa kwanza riba ya siku 32, ambayo ni kama 13,571, na iliyobaki ikapunguza deni la msingi hadi kama 778,572. Tarehe 8 riba ya siku mbili juu ya salio hilo dogo ilikuwa 768 hivi. Maana yake siku ile niliyosimama kwenye foleni ya benki, deni langu halisi lilikuwa 779,339.

Nikalipa 876,116.

Toa moja kwa nyingine, unapata 96,777. Ndiyo ile ya mstari wa tarehe 9.

Angalia kwamba si 95,000. Hiyo 1,777 ya juu inatoka mahali pawili: nililipa siku nne kabla ya tarehe iliyohesabiwa na barua, na kwa siku mbili za mwisho deni lilikuwa dogo kuliko barua ilivyodhani. Ni riba ya siku ambazo hazikuwepo. Mtu anayedai ziada yake kwa kuhesabu marejesho tu, moja, mawili, huiacha hii bila kujua. Mimi ningeiacha. Nilikuwa tayari nimeandika 95,000 kwenye rasimu ya barua yangu.

Jambo hili linategemea aina ya riba, na hapo nisimdanganye mtu. Kama mkopo ni wa riba bapa, ile inayopangwa yote mwanzoni juu ya kiasi ulichokopa, kulipa siku nne mapema hakupunguzi kitu isipokuwa mkataba uwe umetamka punguzo la kufunga mapema. Kwenye mkopo wa namna hiyo ziada yangu ingekuwa rejesho lenyewe tu.

## Na ile nyingine?

Ndipo nikarudi kwenye swali lililonitoa nyumbani. Kama 96,777 ni rejesho la mwezi wa tatu lililogongana na malipo yangu, basi 95,000 ya mwezi wa nne, ile iliyosimamisha kidole changu kwenye korido, iko wapi?

Nilikwenda kwa mhasibu wa mishahara. Ni mzee mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni siku zote, nyekundu na bluu. Nikamwonyesha. Akafungua faili lake, akasema, "Mwanangu, mimi nilituma. Tarehe 6 mwezi wa tano, pamoja na za wenzako." Akanionyesha orodha, jina langu, namba ya mkopo, 95,000, na namba ya kumbukumbu ya benki kwa mkupuo mzima.

Nikamuuliza kwa nini alikata wakati mkopo umefungwa. Akatoa barua ya mkopeshaji ya kusitisha makato. Imeandikwa tarehe 9 mwezi wa nne. Muhuri wa mapokezi ofisini kwetu: tarehe 20. Orodha ya mishahara hufungwa tarehe 15. Hakuhitaji kueleza zaidi, lakini alieleza, kwa sababu ni mzee anayependa kueleza.

Basi pesa ilitoka kwake na kwenye taarifa yangu haimo. Nilihisi kama mtu anayefuatilia mzigo uliopotea kati ya vituo viwili, kila kituo kina karatasi safi.

Nilichojifunza kutoka kwa afisa mikopo, siku nilipofanikiwa kukaa mbele yake, ni hiki. Mkupuo wa mwajiri ukifika, mfumo unasoma orodha na kugawa pesa kwa kila namba ya mkopo. Ukikuta namba iliyofungwa, hauwezi kuweka pesa pale. Haurudishi kwa mwajiri pia. Unaitupa kwenye akaunti ya kusubiria, ambako hukaa pesa zote zilizofika bila kujulikana ziende wapi: namba zilizokosewa tarakimu, majina yasiyolingana, na mikopo iliyokwisha kama wangu. Pale haina jina langu. Ina tarehe, kiasi, na jina la mwajiri aliyetuma.

Kwa hiyo mtu akitafuta kwa jina langu au kwa namba ya mkopo wangu, hatapata kitu milele. Inatafutwa kwa namba ya kumbukumbu ya mkupuo.

Ile namba ya benki kwenye faili la mzee.

Nilimpa afisa. Akaingiza. Akageuza skrini kidogo upande wangu, jambo ambalo nadhani haliruhusiwi, nikaiona: 6/5, 95,000, haijatambuliwa.

Haijatambuliwa! Pesa niliyoifanyia kazi mwezi mzima.

## Barua ya mistari sita

Tarehe 20 mwezi wa tano niliandika maombi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili na hasira nyingi. Niliichana. Iliyokwenda ilikuwa na mistari sita, na naiweka hapa kwa kuwa ilifanya kazi:

> Naomba kurejeshewa malipo ya ziada kwenye mkopo namba hii, uliofungwa tarehe 9/4.
> Kwanza, 96,777 iliyohamishwa tarehe 9/4 kama ziada, kama inavyoonekana kwenye taarifa yenu.
> Pili, 95,000 iliyopokelewa tarehe 6/5 kutoka kwa mwajiri wangu, kwa namba ya kumbukumbu iliyoambatishwa, ambayo bado haijatambuliwa.
> Jumla 191,777.
> Naomba pesa ilipwe kwenye akaunti yangu ya benki yenye jina langu. Nakala ya kitambulisho imeambatishwa.
> Naomba pia uthibitisho wa maandishi kwamba barua ya kusitisha makato imemfikia mwajiri.

Nilikitenganisha kiasi hicho katika mafungu mawili kwa makusudi. Pesa mbili hizi zimekaa sehemu mbili tofauti, zinashughulikiwa na watu wawili tofauti, na zina ushahidi tofauti. Ningeandika 191,777 kwa mkupuo, mtu wa kwanza angeona 96,777 tu kwenye mfumo wake, akajibu kwamba kiasi hakilingani, na barua ingerudi chini ya rundo.

Mstari wa tano nao una sababu. Wakopeshaji kwa kawaida hawapendi kurudisha pesa kwa akaunti ya mtu mwingine, na ni haki yao, kwa kuwa kulipa mkopo kupita kiasi na kuomba ziada ipelekwe kwingine ni njia inayojulikana ya kusafisha pesa chafu. Nilisikia mtu akilalamika kwamba alitaka irudishwe kwa akaunti ya mumewe wakamkatalia. Ingenishangaza wangekubali.

## "Si tuipunguze kwenye mkopo mpya?"

Siku tatu baada ya barua, afisa akanipigia. Sauti ya tabasamu. "Dada, hii pesa badala ya kuitoa, wewe ni mteja mzuri, si tufungue mkopo mpya, halafu hii tuihesabu kama malipo ya mwanzo?"

Nikwambie kweli, nilitikisika. Si kwa sababu nilitaka mkopo. Kwa sababu kuna sehemu ya mtu iliyochoka kufuatilia, na sehemu hiyo husikia neno "rahisi" na kukaa chini.

Kilichoniokoa ni kisa cha mwenzangu wa ofisini. Yeye mkopo wake ulikuwa bado unaendelea, alilipa rejesho mara mbili kwa simu mtandao ulipokwama: ujumbe haukuja, akabonyeza tena, zikaenda zote mbili. Mkopeshaji akamwambia usijali, pesa yako ipo, tumeiweka kwenye mkopo. Akaridhika. Mwezi uliofuata hakudaiwa rejesho, akaona mambo yamekaa sawa.

Sasa, "tumeiweka kwenye mkopo" inaweza kuwa na maana mbili, na tofauti yake ni pesa. Wanaweza kuihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililokuja mapema: inakaa tu pale ikingoja tarehe yake, deni la msingi halijashuka, na riba inaendelea kuhesabiwa juu ya salio lile lile. Au wanaweza kuipunguza moja kwa moja kwenye deni la msingi siku ile ile ilipofika. Kwa riba kama yangu, 95,000 inayokaa mwezi mmoja bila kugusa deni inakugharimu riba ya 1,425 ambayo usingepaswa kuilipa. Si nyingi. Lakini kama mkopo umebakiwa na miezi 12, na hiyo 95,000 ikaingia kwenye deni la msingi leo huku marejesho mengine yakiendelea kama kawaida, hadi mwisho itakuwa imekuondolea riba ya zaidi ya 18,000. Kosa lile lile la kubonyeza mara mbili, matokeo mawili. Na mfumo mara nyingi huchagua lile la kwanza kama mteja hajasema.

Mwenzangu hakusema. Kibaya zaidi, kabla ya kumpigia mkopeshaji alikuwa ameshawasilisha ombi kwa mtandao wa simu warudishe ule muamala wa pili. Ulirudishwa wiki mbili baadaye, wakati mkopeshaji ameshauhesabu kama rejesho la mwezi ujao. Mwezi ule akajikuta hajalipa kitu, na faini ya kuchelewa juu yake. Alikuwa ameomba pesa moja milango miwili, na yote ikafunguka.

Nilimwambia afisa asante, nirudishieni.

Kwangu hapakuwa na mkopo wa kuweka ziada. Kupunguza deni ambalo halipo ni kuliumba kwanza. Ningekuwa nakopa ili nipate mahali pa kuweka pesa yangu mwenyewe. Kama ningekuwa na mkopo wa pili unaoendelea pale pale, mazungumzo yangekuwa mengine: mikataba mingi inawaruhusu kuchukua ziada ya mkopo mmoja kufidia mwingine uliochelewa, bila hata kukuuliza. Nilisoma wangu usiku ule. Kifungu kipo. Mimi sikuwa na deni la pili, basi kikanipita kushoto.

## Mlango wa mwajiri

Ile 96,777 iliingia benki tarehe 9 mwezi wa sita. Siku 62 tangu nilipoilipa. Niliihesabia riba kwa kipimo chao wenyewe, asilimia 18, nikapata 2,959. Ndivyo ambavyo wangenidai kama ningechelewa mimi kwa kiasi hicho na siku hizo, bila kuhesabu faini. Hawakunilipa hata moja, na mkataba hauwalazimishi. Nimeiandika tu ili nisiisahau.

Ile 95,000 ikachelewa, na safari hii kwa sababu ambayo sikuiwazia. Mkopeshaji alisema: pesa hii ilitoka kwa mwajiri, tutairudisha kwa mwajiri. Kimantiki sina neno. Lakini pesa iliyorudi kwa mwajiri haina njia ya kunifikia isipokuwa orodha ya mishahara.

Nilikimbia kwa mzee wa kalamu mbili. Nikamkuta ameshaipokea, na ameshaiandika kwenye orodha ya mwezi wa sita, kwa kalamu ya bluu, kwenye safu ya malipo mengine. Ile safu ambayo posho na bonasi huwekwa.

"Mzee," nikamwambia, "hiyo safu si inakatwa kodi?"

Akainua macho.

Ile 95,000 ilitoka kwenye mshahara wangu baada ya kodi kukatwa. Makato ya mkopo hukaa chini ya mstari wa kodi. Ikirudi kupitia safu ya malipo ya juu, mfumo unaiona ni mapato mapya na kuikata tena. Ningelipa kodi mara mbili kwa pesa moja, na kumwomba mtu wa kodi arudishe ni safari nyingine ambayo sitaki hata kuiwaza. Inatakiwa iingie kama kurejesha makato, chini, pale pale ilipotoka, ikiwa na alama ya kutoa.

Alinyamaza, akachukua kalamu nyekundu, akaifuta. "Umenikamata," akasema. Akaisogeza chini. Slipu ya mwezi wa sita ilipotoka, tarehe 28, nilipitisha tena kidole kwenye makato: kodi, hifadhi ya jamii, bima, marejesho ya mkopo, toa 95,000. Kodi ilikuwa ile ile ya mwezi uliotangulia. Niliilinganisha mara mbili.

Lakini bado nipo pale ofisini kwake akilini mwangu, siku ile ya kalamu nyekundu. Nilipokuwa nashika kitasa cha mlango aliniita.

"Hebu subiri, mwanangu. Hawa walituandikia barua ngapi za kusitisha mwaka huu?"

Akavuta faili la barua za mkopeshaji kwa mkono mmoja na orodha za makato kwa mwingine, akaanza kuzilinganisha, tarehe kwa tarehe, kidole kikishuka polepole. Kikasimama kwenye jina moja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaangalia lile jina kwa muda. Kisha akavuta simu ya mezani na kuanza kubonyeza namba za idara ya stoo.